Kidole kinakataliwa baada ya sasisho: pima kwanza, kufuta kuje mwisho

“Habari wakuu. Simu yangu ilijisasisha juzi usiku, na tangu hapo kidole gumba kinakataliwa karibu kila mara. Nimefuta kioo, bado. Je, sasisho limeua kihisi, au nifute alama zote nianze upya?”

Ndugu, usifute chochote kwa sasa. Mimi nilifuta kwa haraka nikajuta, na nitaeleza sababu yake. Anza kwa kusoma maneno yanayotokea kwenye skrini wakati kidole kinapokataliwa, kwa sababu simu husema mambo matatu tofauti ambayo wengi wetu huyachukua kuwa jambo moja.

La kwanza ni pale simu inapodai PIN bila hata kukijaribu kidole. Huo si ubovu. Sasisho la mfumo karibu kila mara humalizika kwa simu kuzimika na kuwaka upya, na simu ikishawaka hivyo data zako hubaki zimefungwa kwa ufunguo unaotegemea PIN, kwa hiyo kidole hakina nguvu yoyote hadi uingize namba hiyo mara moja. Aidha, simu za Android hudai PIN, mchoro au nenosiri kila baada ya saa 72, hata kama kidole kimekubaliwa muda wote. Ukikosea mara tano mfululizo, kidole huzuiwa kwa sekunde 30, na mtu mwenye mkono wenye jasho anaweza kuyamaliza majaribio hayo matano wakati anaitoa simu mfukoni, kisha akadhani imeharibika.

La pili ni pale simu inaposema kihisi ni kichafu au kwamba alama haikusomeka yote. Hapo simu haijafikia kulinganisha chochote, kwa kuwa picha yenyewe haikutosha. La tatu ni pale inaposema kidole hakitambuliki, yaani picha ilipatikana ikalinganishwa na iliyohifadhiwa, zikatofautiana. Haya mawili ndiyo ya kushughulikia, na tiba zake si moja.

Simu yangu ina kihisi chini ya kioo, cha aina inayotumia mwanga: ukigusa, sehemu ya skrini huwaka sana na kamera ndogo iliyo chini yake husoma mistari ya kidole. Nilipokumbwa na hali kama yako, nilifuta kioo kwa upindo wa shati, nikaridhika. Kumbe nilikuwa nikiyatandaza mafuta tu. Utando wa mafuta au wa krimu ya mikono hauonekani ukiitazama simu uso kwa uso, ila ukiilaza mbele ya taa na kuitazama kwa pembeni utauona kama ukungu, hasa pale kidole kinapozoea kugusa. Zima simu, nyunyizia spiriti ya asilimia 70 kidogo kwenye kitambaa laini cha kufutia miwani (usiimimine kwenye simu), futa taratibu, kisha kausha kwa upande mkavu wa kitambaa. Kama kihisi chako kipo kwenye kitufe cha ubavuni, uchafu hukaa kwenye mfereji unaokizunguka kitufe na kwenye ukingo wa kava, basi vua kava kwanza. Kwa wanaofungua kwa uso, kinachofutwa ni lenzi ya mbele, na mara nyingi kosa ni protekta iliyokaa kombo ikaifunika nusu.

Baada ya kusafisha nilifanya kipimo ambacho ningetamani ningekijua mapema. Niligusa kihisi kwa kidole gumba mara kumi, nikikiinua kabisa kila mara na kusubiri kizuizi kiishe kilipotokea. Nilikubaliwa mara tatu. Kisha nikaingia kwenye Mipangilio, sehemu ya usalama, nikaongeza kidole kipya, cha shahada cha mkono wa kushoto, bila kugusa alama ya zamani. Nikagusa mara kumi tena: mara tisa kilikubaliwa. Kioo kilikuwa kilekile, kihisi kilekile, mfumo uleule uliosasishwa. Kwa hiyo kihisi hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye alama ya zamani iliyohifadhiwa. Kama kidole kipya nacho kingegoma, jibu lingekuwa kioo, protekta au kihisi chenyewe, na kusajili upya kusingesaidia kitu.

Kwa nini alama ya zamani igome baada ya sasisho? Simu haihifadhi picha ya kidole chako, bali huhifadhi muhtasari wa sifa zake katika sehemu ya siri ya kichakataji, na kila ukigusa, programu inayoendesha kihisi huamua kama ufanano unatosha. Sasisho linaweza kuigusa programu hiyo, ikawa kali zaidi au ikawa inaisoma picha kwa namna nyingine. Alama yangu ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, kwa kuwa niliisajili kabla ya kubandika protekta, na ilikuwa ikipita kwa tabu. Ukali ulipoongezeka kidogo tu, ikaanguka. Zipo pia nyakati ambapo kusajili upya ni agizo. Mwezi Oktoba 2019 ilibainika kwamba baadhi ya kava za silikoni ziliifanya Samsung Galaxy S10 ifunguke kwa kidole cha mtu yeyote, kwa sababu kihisi kilisoma michoro ya kava kana kwamba ni ya kidole. Kampuni ilitoa marekebisho na kuwataka wateja waondoe kava, wafute alama zote na kusajili vidole upya.

Sasa majuto yangu. Nilifuta gumba, nikasajili upya, kisha nikafungua programu ya benki, nayo ikakataa kidole na kudai nenosiri nililokuwa nimelisahau kwa sababu sikulitumia kwa muda mrefu. Programu za namna hiyo zinaweza kufunga ufunguo wake na orodha ya vidole vilivyopo, na orodha ikiongezwa kidole, ufunguo hubatilika, ili aliyeiba PIN yako asisajili kidole chake na kuingia kwenye akaunti. Ni ulinzi wa haki kabisa, lakini ulinigharimu siku nzima. Hata kile kidole cha majaribio kinatosha kuuamsha, basi hakikisha unayakumbuka manenosiri yako kabla ya kuanza kipimo.

Ukifikia kusajili, fanya hivyo ukiwa na protekta utakayoendelea kuitumia, na kidole kikiwa katika hali yake ya kila siku, si laini na chenye majimaji kama cha mtu aliyetoka kuoga. Shika simu kama unavyoishika unapoitumia, kwa sababu gumba hugusa kwa ubavu wake na si kwa katikati, na watu wengi husajili katikati tu. Baadhi ya simu zina swichi ya kuongeza wepesi wa mguso kwa ajili ya protekta; iwashe kabla ya kusajili. Simu yangu iliniruhusu kulisajili gumba lilelile mara mbili, mara ya pili kwa ubavu, na tangu hapo sijakwama ila mikono ikiwa na maji.

Kama kidole kipya nacho kinakataliwa hata baada ya kubandua protekta, na kioo kiliwahi kubadilishwa, mwulize fundi aliyekibadilisha kama alikirekebisha kihisi kiendane na kioo kipya, kwa sababu vihisi vingi vya chini ya skrini huhitaji hatua hiyo.