Mtoto wetu wa kwanza aitwe Wayan?

"Mume wangu ni mtu wa Bali, Indonesia. Wakwe wanataka binti yetu wa kwanza aitwe Wayan. Si jina la kiume hilo?"

Hapana dada, Wayan ni jina la mzaliwa wa kwanza, awe wa kike au wa kiume. Jinsia huonyeshwa na kitangulizi: Ni kwa msichana, I kwa mvulana. Binti yenu atakuwa Ni Wayan, kisha lifuate jina lake binafsi. Hilo la mwisho ndilo la kuchagua kwa makini, kwa sababu akina Wayan ni wengi mno. Kama hulipendi, waombe wakwe Putu. Nalo ni la kifungua mimba.

Wa pili huitwa Made au Kadek, wa tatu Nyoman au Komang, wa nne Ketut. Wa tano hurudia Wayan, kwa hiyo Ketut hufunga mzunguko tu, si lazima awe kitinda mimba. Ndugu wakisikia jina, wanajua nafasi ya mtoto. Familia nyingi sasa huishia wawili, na akina Ketut wanapungua. Mwaka 2019 gavana Wayan Koster alihimiza familia zizae wanne. Naelewa uchungu wake, ila idadi ya watoto ni yenu wawili.