Picha za viatu bila kula bando

"Nauza viatu vya mitumba Kongowea. Nikisafisha nyuma ya picha bando lote linakwisha. Nifanyeje?"

Dadangu, nyingi ya programu zinazofuta nyuma zenyewe hupeleka picha kwenye seva kwanza, na hapo ndipo bando linapoliwa. Pakua programu ya Snapseed ukipata waifai, kisha zima data; yenyewe hufanya kazi ndani ya simu.

Piga kiatu juu ya karatasi nyeupe, kivulini karibu na mlango. Fungua Brush, chagua Exposure 1.0, kuza picha mpaka ukingo wa soli uonekane vizuri, halafu pakaa ule ukijivu hadi uishe. Ukigusa kiatu, shusha namba iwe 0 na ufute hapo. Soli nyeupe ndizo zinazosumbua: zikimezwa na karatasi, tandika ya rangi. Ukuta wa giza hautageuka mweupe kwa njia hii.

Wanaosema uhifadhi picha kama PNG wana haki iwapo unataka nyuma iwe tupu kabisa, bila hata weupe. Kwako wewe JPG yatosha. Kwenye mipangilio weka 1366 px na 80%, kisha Export. Raba zangu za jana zilitoka 4 MB zikashuka chini ya 200 KB.