Ukikutana na jumla ndefu yenye n, tafuta kwanza upana wa mstatili

Katika kufundisha kalkulasi, kuna swali moja ambalo huwa silikosi. Tafuta kikomo cha jumla hii n inapokua bila mwisho:

1/(n+1) + 1/(n+2) + ... + 1/(2n)

Wengi hujibu sifuri, na hoja yao si ya kupuuzwa: kila sehemu, ukiitazama peke yake, inakaribia sifuri, basi na jumla yake itafuata njia hiyo hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba sehemu zinavyozidi kuwa ndogo, idadi yake nayo inazidi kuwa kubwa. Ziko n. Iliyo ndogo kuliko zote ni 1/(2n), na hata iliyo kubwa kuliko zote haifiki 1/n. Kwa hiyo jumla haishuki chini ya 1/2 wala haifiki 1. Jibu limo humo katikati. Ili kulipata, acha kuiona jumla hii kama msururu wa namba, uione kama eneo lililokatwa vipande vya mistatili.

Eneo la mstatili ni upana mara kimo. Ushauri wangu ni kuanza na upana. Nimeona wanafunzi wengi wakianza kwa kuwinda kitendakazi, wakajaribu hiki na kile mpaka wakakata tamaa, ilhali upana ndio wenye alama iliyo wazi: ni kile ambacho mistatili yote inacho kwa pamoja, hakina ndani yake k, yaani namba ya mfuatano ya kila sehemu kuanzia 1 hadi n, na kinapungua n inapokua. Mara nyingi ni 1/n. Kama hakionekani, kitoe mwenyewe. Hapa tunagawanya juu na chini kwa n:

1/(n+k) = (1/n) · 1/(1 + k/n)

Sasa mstatili umejitokeza. Upana ni 1/n. Kinachobaki, 1/(1 + k/n), ndicho kimo. Angalia k ilivyokaa ndani ya kimo hicho: haipo peke yake, imefungamana na n kama k/n. Hilo ndilo tunalolitaka, kwa sababu k/n ni mahali kwenye mhimili wa x. Kila k inapopanda kwa 1, k/n inasogea kwa 1/n, yaani upana ule ule wa mstatili. Mistatili inakaa bega kwa bega bila pengo. Andika x badala ya k/n, na kimo kinakuwa 1/(1+x).

Imebaki mipaka. Usiibahatishe, iulize jumla yenyewe. k inaanzia 1, na 1/n inakaribia 0. k inaishia n, na n/n ni 1. Basi kikomo chetu ni integrali ya 1/(1+x) kuanzia 0 hadi 1, ambayo ni ln 2, takriban 0.6931.

Nakusihi uchore mchoro japo mara moja, kwa n = 4. Gawanya sehemu ya mhimili kati ya 0 na 1 iwe vipande vinne vya upana wa 1/4. Kwenye kila kipande simamisha mstatili ambao kimo chake kinapimwa kwenye ukingo wake wa kulia. Vimo vitakuwa 4/5, 4/6, 4/7 na 4/8. Zidisha kila kimoja kwa 1/4 na utapata 1/5, 1/6, 1/7 na 1/8: sehemu zile zile tulizoanza nazo. Mchoro wa 1/(1+x) unateremka, kwa hiyo kila mstatili unakaa chini yake na kuacha kipembe kidogo juu. Ndiyo maana jumla hii daima ni pungufu kidogo ya ln 2.

Pungufu kwa kiasi gani? Telezesha vipembe vyote upande mmoja uvipange kimoja juu ya kingine. Vyote vinaenea ndani ya mstatili mmoja mwembamba wenye upana wa 1/n na kimo cha 1 − 1/2, yaani tofauti ya vimo vya mchoro pale unapoanzia na unapoishia. Kosa basi halizidi 1/(2n), nalo linakwenda sifuri. Hii ni hoja kamili, na napenda mwanafunzi aione kwa macho yake kabla ya kukariri kanuni yoyote. Ukitaka kuhakikisha kwa kikokotoo, n = 10 inatoa 0.6688 na n = 100 inatoa 0.6907. Kwa n = 10 pengo ni takriban 0.024, ndani ya 0.05 tuliyoahidiwa.

Kuhusu mipaka, kuna jambo linalowatatiza wengi. Tuseme jumla ni ile ile ya 1/(n+k), lakini k inakwenda hadi 3n. Upana haubadiliki, bado ni 1/n, na kimo ni kile kile. Kinachobadilika ni mahali pa kuishia: 3n/n ni 3. Mistatili imekuwa 3n na imeenea kutoka 0 hadi 3, kwa hiyo jibu ni ln 4. Anayeandika 0 hadi 1 kwa mazoea atakosa hapa. Kwa upande mwingine, jumla ikianzia k = 0 au ikiishia n − 1, usihangaike. Umeongeza au umepunguza mstatili mmoja tu, na mstatili mmoja wenye kimo cha kawaida na upana wa 1/n hauna uzito kwenye kikomo.

Mtego mkubwa uko kwingine. Linganisha jumla mbili, k ikitoka 1 hadi n: ya kwanza ni ya n/(n² + k²), ya pili ni ya n/(n² + k). Zinafanana kama mapacha. Gawanya juu na chini kwa n² halafu utoe 1/n. Ya kwanza inakuwa (1/n) · 1/(1 + (k/n)²). k imefungamana na n vizuri, kimo ni 1/(1+x²), mipaka ni 0 na 1, na jibu ni π/4.

Ya pili inakuwa (1/n) · 1/(1 + k/n²). Hapa simama. k/n² si k/n. Ukilazimisha kuiandika k/n² kama x, utakuwa umeweka mistatili yenye upana wa 1/n juu ya hatua za 1/n², na haitatoshea. Kipimo ninachotumia ni kutazama kimo cha mstatili wa kwanza na cha mwisho n ikiwa kubwa sana. Katika jumla ya kwanza kimo kinashuka kutoka karibu na 1 hadi 1/2, kwa hiyo kuna mchoro wa kweli unaofuatwa. Katika ya pili, cha kwanza kinakaribia 1 na cha mwisho, 1/(1 + 1/n), nacho kinakaribia 1. Mistatili yote inalingana vimo, na eneo lake linakuwa la mraba mmoja mtupu. Bana jumla hiyo kati ya n²/(n² + n) na n²/(n² + 1), zote zinakwenda 1, nayo haina pengine pa kwenda.