PivotTable ya Excel: kuzipanga bidhaa kwa jumla ya mauzo, si kwa majina

> PivotTable yangu inapanga bidhaa kwa alfabeti. Nataka inayouzwa zaidi iwe juu. Nimepanga kwa Z hadi A, yamegeuka majina tu.

Majina yaligeuka kwa sababu seli uliyochagua ilikuwa ya jina. Excel hutazama ulipobofya: ukiwa kwenye lebo hupanga lebo, ukiwa kwenye tarakimu hupanga kwa tarakimu. Kwa hiyo bofya kulia tarakimu ya bidhaa yoyote, kisha `Sort`, halafu `Sort Largest to Smallest`.

Kama umeweka miezi kwenye `Columns`, bofya ndani ya safu ya `Grand Total`. Ukibofya tarakimu ya Januari, bidhaa zitafuata mauzo ya Januari peke yake, na kosa hilo ni gumu kuliona kwa sababu orodha bado itaonekana imepangika. Ikague kwa kusoma safu ya mwisho kutoka juu kwenda chini: kila tarakimu isizidi iliyo juu yake.

Panapowasumbua wengi zaidi ni pale `Rows` inapokuwa na aina ya bidhaa juu na bidhaa chini yake. Tuseme Mabegi yana begi dogo 650 na begi kubwa 300, na Vifaa vya kuandikia vina daftari 910 na kalamu 420. Ukipanga kwa kubofya 910, bidhaa hupangwa ndani ya aina yake tu, na Mabegi hubaki juu kwa sababu ya herufi M. Ukibofya jumla ndogo ya aina, yaani 950 au 1,330, Vifaa vya kuandikia vitapanda juu, lakini kalamu yenye 420 bado itakaa juu ya begi dogo lenye 650. Hiyo si hitilafu. Bidhaa haiwezi kutoka nje ya kundi lake. Ukitaka orodha moja ya bidhaa zote, iondoe aina kwenye `Rows` na uiweke kwenye `Filters`. Hapo utapata daftari, begi dogo, kalamu, begi kubwa.

Kabla ya kuuamini mpangilio, soma kichwa cha safu. Kikiandika `Count of` badala ya `Sum of`, unapanga kwa idadi ya mistari ya data, si kwa kiasi kilichouzwa. Mara nyingi chanzo ni tarakimu zilizoingizwa kama maandishi. Zisahihishe kwenye data, bofya `Refresh`, kisha chagua `Sum` ndani ya `Summarize Values By`. Kubadilisha kuwa `Sum` bila kusahihisha data ni hatari, maana tarakimu zilizo maandishi huhesabiwa sifuri na bidhaa nzuri huzama chini.

Mpangilio huu hujirudia kila unapofanya `Refresh`. Lakini ukiburuta bidhaa kwa mkono, sehemu hiyo hugeuka `Manual`, na data mpya haitaipanga tena. Kuurudisha, fungua mshale wa `Row Labels`, ingia `More Sort Options`, chagua `Descending (Z to A) by`, kisha `Sum of` ya mauzo yako.