Kinini cha kalsiamu cha 300: hesabu ambayo farmasi haikukufanyia

Juma hili dada mmoja wa Katindo, Goma, aliniandikia hivi: «Yaya, niko na mimba ya miezi mitano, ni ya kwanza. Nilisoma ulichoandika juu ya kalsiamu, nikaenda farmasi. Wamenipa kinini za 300, nameza tatu kwa siku. Niko sawa?»

Nilimwomba anitumie picha ya pakiti. Ilikuwa vile nilivyowaza: kalsiamu laktati, miligramu 300, vile vinini vidogo vyeupe wanavyokuhesabia kwenye kimfuko cha plastiki. Nilikasirika, maana mimi pia niliuziwa hivyo hivyo katika mimba yangu ya kwanza hapa Bukavu, na muuzaji akaniambia: «Mama, hii inatosha kabisa.»

Sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotezwa. Kalsiamu haiuzwi peke yake. Imefungwa na kitu kingine, na namba kubwa ya kwenye pakiti mara nyingi ni uzito wa vyote viwili, kama anayekuuzia mahindi akayapima pamoja na magunzi yake. Katika laktati, kalsiamu yenyewe ni asilimia 13 tu. Kinini cha 300 kinakupa kama miligramu 39. Kalsiamu glukonati ni mbaya zaidi, asilimia 9 hivi: kinini cha 500 kina 45. Kalsiamu kaboneti ndiyo iliyojaa, asilimia 40, kwa hiyo kidonge cha kaboneti cha miligramu 1250 kina kalsiamu 500 kamili.

Sasa mfanyie hesabu dada wa Katindo. Tatu kwa 39 ni 117. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mjamzito wa mahali ambako watu wanakula kalsiamu kidogo apewe gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu yenyewe kila siku. Ili afikie 1500 kwa vinini alivyouziwa, angehitaji kumeza karibu 39 kwa siku. Kwa kaboneti ya 1250, ni vitatu tu.

Ukishika boksi, usisome namba kubwa ya mbele. Geuza, tafuta mstari unaosema kidonge kimoja kina kalsiamu yenyewe kiasi gani. Kuna boksi zinazoandika 500 zikimaanisha kalsiamu, na kuna zinazoandika 500 zikimaanisha kaboneti, ambayo ni 200 tu. Kama mstari huo haupo, uliza jina la chumvi na upige hesabu mwenyewe. Muuzaji akikunja uso, mwache akunje.

Kwa nini napigia kelele namba? Kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kwamba kalsiamu ni ya meno na mifupa ya mtoto. Mtoto hujichukulia. Utumbo wa mama mjamzito unaongeza nguvu ya kunyonya kalsiamu karibu mara mbili, na mimba nzima mtoto anachukua gramu 30 hivi, nyingi zikiwa za miezi mitatu ya mwisho. Sababu kubwa ya kutoa kalsiamu katika mimba ni tansio. Ile tansio ya mimba yenye protini katika mkojo, ambayo waganga wanaiita preklampsia, huanza baada ya juma la 20, na inaua mama na watoto. Kwa wanawake wanaokula kalsiamu kidogo, kuongezewa kumepunguza hatari hiyo kwa karibu nusu katika tafiti zilizokusanywa pamoja. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kalsiamu ikipungua katika damu, mwili hutoa homoni za kuirudisha, na homoni hizo hizo huifanya mishipa ya damu ijikaze.

Mimi niliijua preklampsia kwa mwili wangu. Mtoto wangu wa kwanza alitolewa kwa upasuaji kabla ya wakati, tansio yangu ikiwa imepanda hadi naona nyota, na nikakaa majuma nikimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka akapata uzito. Wakati huo wifi yangu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akisema kwetu tuna mkosi. Sijasahau. Sasa mtoto wa pili ametimiza mwezi, alizaliwa mimba imetimia, tansio ikiwa mzuri hadi mwisho, na wifi ndiye aliyekuja kumbeba kabla ya watu wote! Lakini sitadanganya: sitasema ni kalsiamu peke yake. Kwa kuwa nilikuwa nimeshapata preklampsia, daktari alinipa pia aspirini ya kiasi kidogo tangu mwanzoni, na nilipimwa tansio kila mara. Aspirini ni ya kuandikiwa, usijinunulie.

Basi nani anahitaji vidonge? Nilimwambia dada anihesabie alichokula jana. Asubuhi chai ya rangi na andazi. Saa sita bugali ya muhogo na maharagi. Jioni bugali na sombe. Bugali ya muhogo karibu haina kitu upande huu. Maharagi ya kikombe kizima ni kama 80. Sombe inayo, labda 150 au 200 kwa sahani nzuri, ila mwili haupati yote. Jumla haifiki 300, na mjamzito mtu mzima anahitaji kama 1000 kwa siku. Msichana wa chini ya miaka 19 anahitaji 1300, kwa sababu mifupa yake mwenyewe bado inajengwa. Ukila kama dada huyu, wewe ndiye mjamzito ambaye Shirika la Afya Duniani linamsema. Na kama ni mimba ya kwanza, au ni mapacha, au mimba iliyopita ilikuwa na tansio, usingoje. Mwenye mawe ya figo au ugonjwa wa figo aongee kwanza na daktari.

Ila usikimbilie farmasi na kuacha samaki wa ziwa. Sambaza wakavu wanaoliwa na mifupa yao, gramu 100 zinapita miligramu 1000. Kiganja kilichojaa, gramu 30 hivi, kinakupa 300 au zaidi. Lakini ni mifupa inayotoa hiyo kalsiamu. Wale wanaokata kichwa na kuvuta mfupa wa mgongo wanatupa walichokuja kununua. Kama mimba inakukatalia harufu, saga wakavu wawe unga, uweke vijiko viwili katika sombe ikiwa jikoni. Chagua waliokaushwa kwa jua bila chumvi nyingi.

Glasi ya maziwa ni kama 240, na mashanza ni vile vile, bora muuzaji asiwe ameongeza maji. Maziwa mabichi yachemshe kwanza, mimba haitaki mchezo na vijidudu vya ng'ombe. Chizi ya Masisi, kipande cha gramu 30, ni karibu 200. Lenga-lenga inaonekana tajiri kwenye karatasi, lakini ina oksalati inayoishika kalsiamu na kutoka nayo, kwa hiyo uile kwa faida nyingine zilizomo, usiitegemee kwa kalsiamu.

Na pemba? Mama zetu wanaitafuna mimba nzima wakisema inaleta mifupa. Pemba ni kaolini, udongo wa aluminiamu na silika. Kalsiamu karibu hakuna. Inazuia chuma cha chakula kuingia mwilini, na udongo mwingine una madini ya risasi. Weka ile faranga kwa sambaza.

Kuhusu vitamini D nitakuwa mfupi, maana kwetu watu wanauziwa kwa hofu. Mwongozo wa 2020 wa Shirika la Afya Duniani hauwashauri wajawazito wote kuimeza. Ngozi huitengeneza kwa jua, na Bukavu iko karibu na ikweta, jua lipo mwaka mzima. Mama anayeuza sokoni Kadutu mikono wazi hana haja ya kununua. Mwenye kukaa ndani kuanzia asubuhi hadi jioni, aliyelazwa muda mrefu, au anayefunika mwili wote akitoka, huyo ndiye wa kuuliza, na kipimo kinachotajwa kwake ni yuniti 200 kwa siku. Jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii, kioo kinazuia miale inayohitajika. Toka nje wakati kivuli chako ni kifupi kuliko wewe. Kiini cha yai kina yuniti kama 40 tu, na maziwa ya ng'ombe yasiyoongezewa yana kidogo mno.

Namna ya kumeza inaharibu kazi kuliko mnavyofikiri. Utumbo hauchukui vizuri zaidi ya 500 kwa mara moja, kwa hiyo gawanya, na kaboneti imezwe pamoja na chakula, inahitaji asidi ya tumbo. Na usichanganye na vidonge vya feri mnavyopewa siku ya kupima mimba: kalsiamu inaizuia feri. Kalsiamu asubuhi, saa sita na saa kumi na mbili jioni pamoja na chakula; feri wakati wa kulala, na maji, si chai. Anayemeza dawa za virusi zenye dolutegravir azimeze pamoja na kalsiamu wakati wa chakula, ama masaa 2 kabla yake au masaa 6 baada yake, la sivyo dawa inapungua nguvu.

Na kalsiamu haitibu preklampsia iliyokwisha kuanza. Kichwa kikikuuma bila kuacha, macho yakiona ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kuume, uso na mikono kuvimba ghafula, au tansio ikifika 140 kwa 90, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Dada wa Katindo alirudi na swali lililonigusa: «Yaya, kaboneti nimeipata, lakini makuta yangu ni ya kimoja kwa siku.» Nilimjibu meza hicho kimoja. Utafiti uliotoka 2024, uliofanywa India na Dar es Salaam kwa wanawake wa mimba ya kwanza, 11,000 kila nchi, ulilinganisha 500 na 1500 kwa siku. Kwa preklampsia, 500 haikushindwa. Kwa kuzaa kabla ya wakati, India ilikuwa vile vile, Tanzania haikuthibitika. Wao walianza kabla ya juma la 20, kwa hiyo yeye aanze leo, saa sita na bugali yake, sambaza mzima kando, na siku ya kupima amwonyeshe muuguzi boksi lenyewe.