Maswali yenu: muvi, drama na vijana wetu

*"Naangalia muvi na kijana wangu wa miaka 13, ikiisha namuuliza amejifunza nini, ananijibu 'nisiibe' halafu anarudi kwa simu. Nakosea wapi?" – Mama, Umoja*

Mama, swali lako linanuka mtihani. Huyo kijana ameulizwa funzo na sifa za wahusika darasani tangu Jumatatu, kwa hivyo anajua neno la kukunyamazisha. Simamisha muvi kabla mhusika hajaamua, umuulize atafanya nini na kwa nini, alafu muendelee. Akikisia vibaya ndio inakuwa tamu, juu inabidi ajiulize ni nini hakuona kwa huyo mtu. Mara moja ama mbili inatosha, ukizidisha atahamia chumba kingine na mimi sitamlaumu.

*"Kikundi chetu cha vijana hapa Kayole kilifanya drama kuhusu wizi. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakaenda nyumbani. Tulipoteza wakati?"*

Hapana, lakini nakisia mliwapa jibu tayari, mwizi akashikwa na pasta akamaliza kwa maombi. Jaribuni ile drama ya Augusto Boal, Mbrazili aliyeianzisha miaka ya 1970. Mnaigiza kisa cha kama dakika 8 kinachoisha vibaya, alafu mnakirudia kutoka mwanzo, na mtazamaji yeyote anaweza kupiga kelele "simama!", apande jukwaani achukue nafasi ya yule aliyebanwa, ajaribu njia yake huku waigizaji wengine wakimkazia. Kuna mtu mmoja anaongoza hadhira, Boal alimwita joka, yaani ile kadi, sio nyoka.

Sisi tulifanya hivi: dada wa kazi anasingiziwa kuiba 2,000, na binti wa nyumba ameona kaka yake akizichukua lakini ananyamaza, dada anafukuzwa na begi lake la plastiki. Aliyebadilishwa ni huyo binti. Wa kwanza kupanda alisema mara moja "mum, ni kaka," na yule kaka akamgeukia, "unanisnichi?", mama naye akauliza mbona hukusema tangu asubuhi, msichana akaishiwa. Wa pili alimvuta kaka jikoni kwanza, akamwambia azirudishe chini ya kitambaa cha meza kabla mama hajaita mtu, na hadhira ikagawanyika vibaya sana, nusu wakisema ni akili, nusu wakisema dada bado amebaki na jina la mwizi. Huo ubishi ulichukua dakika 20 na sikuugusa. Wa tatu, kijana mrefu aliyekuwa ametucheka wote, alipanda, akamwangalia dada amesimama na begi, akafungua mdomo, hakusema kitu. Akashuka akisema alidhani ni rahisi.

Sasa mahali vikundi huharibu: mtu anapanda anataka kumbadilisha mama ndio awe mpole ghafla, kisa kimeisha. Boal aliita hiyo uchawi. Joka anauliza tu hadhira, "mama wa huku kwetu angefanya hivyo?", na watu wenyewe wataikataa. Na joka akianza kusema nani amefanya vizuri, imerudi kuwa mahubiri, mtajua vile mikono itaacha kuinuka.

*"Ticha wetu anasema kusoma riwaya kunamfanya mtu awe na huruma. Ni kweli ama ni ya kutusomesha tu?"*

Kuna utafiti uliotoka kwa jarida la Science mwaka wa 2013, ulisema kusoma kipande kifupi cha hadithi ya kifasihi kunakusaidia hapo hapo kusoma hisia za watu, lakini wengine walipourudia na watu wengi zaidi hawakupata hivyo. Mimi naamini zaidi ile ya Rwanda. Kulikuwa na mchezo wa redio, Musekeweya, kuhusu vijiji viwili vinavyochukiana, na mtafiti akalinganisha vikundi vilivyousikiliza mwaka mzima na vingine vilivyosikiliza mchezo wa afya. Imani za watu moyoni hazikusonga sana. Kilichosonga ni vile waliona majirani zao wanakubali nini, na wakawa tayari zaidi kupinga jambo mbele ya wengine. Na walisikiliza pamoja, hiyo usiiruke. Kwa hivyo riwaya someni, lakini bishaneni juu yake.

*"Msichana wetu alicheza mama mkatili, sasa mtaani anaitwa hilo jina na amekataa kurudi mazoezi."*

Hapo ni kosa la kiongozi, pole. Kabla mtu aondoke anavua leso ya mhusika mbele ya wote, anasema jina lake mwenyewe na kitu kimoja asichofanana nacho na yule mama, na wote wanamwita kwa jina lake. Ni dakika 5. Badilisheni huo uhusika kila wiki pia, hata wavulana wavae hiyo leso. Na kabla ya kumrudisha, muulize pembeni kama ile hasira aliyoigiza ni ya kwao nyumbani. Kama ni ya kwao, usimpe tena, mpe kazi ya joka.