Barua kwa mwanangu: Nimeapa ili nirudi

"Baba, shikamoo. Kama nia yako ni kuzeekea Tanga, kwa nini umengoja mpaka umestaafu ndipo ukaape uraia wa Uingereza na kuuacha wa kwetu? Na kwa nini sisi tumeliona hilo kwenye picha tu?"

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa barazani kwa mama yako, Ngamiani, maana kwenye simu tukianza habari hii wewe unapandisha sauti na mimi nanyamaza. Mama yako alijua tangu mwanzo. Ninyi sikuwaambia kwa sababu maombi yale yanaweza kukataliwa, na ada ya maombi hairudi ikiwa maafisa wameshakataa. Jumla ni zaidi ya pauni 1,600, na zinazorudi ni zile pauni 130 za sherehe tu.

Nimeapa ili niweze kurudi. Najua linasikika kinyume, lakini fuatana nami.

Miaka yote ile nikisukuma vitanda vya wagonjwa zamu za usiku kule Leicester, nilikuwa na pasipoti ya Tanzania na kibali cha kuishi Uingereza bila kikomo. Kibali hicho kinakutosha kwa kila kitu: kazi, nyumba, hospitali, pensheni. Lakini ukikaa nje ya nchi ile zaidi ya miaka miwili mfululizo, kinakufa chenyewe, bila hata barua ya kukuarifu. Yupo mzee mwenzangu, mtu wa Pangani, alirudi kumuuguza mama yake. Mama akaugua muda mrefu, kisha akafariki, kisha yakaja ya mirathi, miaka miwili ikapita. Siku ya safari wahudumu wa ndege pale Dar es Salaam wakamrudisha na mabegi yake. Ikabidi aombe viza ya mkaazi anayerejea, alipe, tena athibitishe kwamba bado ana uhusiano mkubwa na kule. Watoto na wajukuu zake wote wako kule, na yeye anaomba ruhusa ya kwenda kuwaona.

Mimi nina kaka yako na wale wajukuu Leicester, na nina mama yako na wewe huku. Kwa kibali kile ningekuwa mtu wa kuhesabu miezi mpaka naingia kaburini. Uraia haufi kwa kukaa Tanga.

Pensheni haimo katika hesabu hii. Jirani zetu hapa barazani wanaamini nimeapa kwa ajili ya pensheni, nami nimechoka kuwaeleza. Ile nililipia kwa makato ya mshahara, na ningeipata hata kwa pasipoti yangu ya zamani. Tena nikihamia Tanga itabaki kiwango kilekile, haitapanda kila mwaka kama ya wale waliobaki kule. Na hospitali za bure za kule ni za anayeishi kule. Pasipoti peke yake haikufungulii mlango.

Sasa kwa nini uzeeni. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku unapochukua wa nje kwa hiari yako, wa Tanzania umekwisha. Nilipokuwa na nguvu sikutaka kuuacha kwa jambo ambalo kibali kilikuwa kinanitimizia. Na asiye raia hamiliki ardhi hapa kama raia, isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Ndiyo maana ya zile karatasi ulizoshuhudia, nilipoihamishia nyumba hii kwa jina la mama yako. Ilipasa ikamilike kabla sijaapa.

Uzee nao una nafuu yake. Chini ya miaka 65 ungefanya mtihani wa maisha ya Uingereza, maswali 24 kwa dakika 45, na uonyeshe cheti cha Kiingereza. Mimi nilishavuka umri huo, nikasamehewa yote mawili. Sikusamehewa hesabu ya safari: kwa miaka mitano ya mwisho usizidishe siku 450 nje ya nchi, na katika mwaka wa mwisho usizidishe 90. Ulinikasirikia nilipoondoka mapema kwenye matanga ya shangazi yako. Sababu ni siku hizo.

Ile picha ni ya ukumbi wa halmashauri ya jiji. Barua ya kukubaliwa inakupa miezi mitatu uwe umeapa. Tulipangwa kwenye viti kwa namba, na karani akapita na orodha akitaka kila mtu asome jina lake, tarehe na mahali alipozaliwa, kwa sababu herufi ikikosewa kwenye cheti utaionja siku ya kuomba pasipoti. Kushoto kwangu alikaa binti wa Kinaijeria aliyekuwa akirudia kiapo kwa midomo. Kuna njia mbili, kuapa kwa Mungu Mwenyezi au kuthibitisha bila kumtaja. Nikaapa kwa Mungu Mwenyezi, kwamba nitakuwa mwaminifu kwa Mfalme Charles wa Tatu na warithi wake kwa mujibu wa sheria. Kisha sote pamoja tukatoa ahadi ya kuheshimu haki, uhuru na sheria za nchi ile. Ni hapo, maneno yalipokwisha kutoka kinywani, ndipo uraia unapoingia. Kabla ya hapo una barua tu.

Wimbo wa taifa ulipigwa, nikaimba nusu. Nikaitwa, nikapeana mkono na yule mama wa halmashauri, nikapewa karatasi nene yenye nembo ya ufalme. Nikaangalia kwanza mahali pa kuzaliwa: Tanga, Tanzania. Nikacheka, kaka yako akadhani nafurahia cheti. Mwanangu, mimi nilizaliwa mwaka 1957, hakukuwa na Tanzania. Ilikuwa Tanganyika iliyowekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, na sheria yao ilituita watu walio chini ya ulinzi wa Uingereza. Raia wao hatukuwa. Tarehe 9 Desemba 1961 nililala mtoto wa miaka minne nikiwa raia wa Tanganyika, kwa kuwa nimezaliwa hapa na wazazi wangu wamezaliwa hapa. Sikuomba wala sikulipa. Huu wa pili nimeulipia na kuuapia.

Unasema nimeuacha wa kwetu, na ni kweli, sitakubishia. Mwezi huu nimetua Dar es Salaam nikapanga foleni ya wageni, nikalipa dola 50, nikagongewa siku 90 za kukaa katika nchi niliyozikwa kitovu. Yule kijana wa dirishani alinisalimia kwa Kiingereza. Nikamwitikia kwa Kiswahili cha Tanga, akainuka kidogo kwenye kiti na kuniamkia. Muhuri aliugonga vilevile. Lilinichoma, na kura nayo sitapiga tena.

Lakini mwaka 2025 Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi zilirekebishwa, ikaanzishwa Hadhi Maalumu kwa watu wa asili ya Tanzania wenye uraia wa nje. Si uraia, ila inampunguzia ugeni mtu kama mimi, na ndiyo nitakayoiomba kabla siku 90 hazijaisha. Jambo kubwa humo ni kuthibitisha asili.

Kwa hiyo kabatini kwako kuna bahasha ya kaki niliyokuachia siku ile ya arusi ya Salim. Ndani mna cheti changu cha kuzaliwa na nakala ya pasipoti ya zamani. Usivipige picha, nataka vyenyewe. Mkabidhi kondakta wa basi la asubuhi uandike na namba yangu ya simu, nitakwenda kuipokea stendi ya Kange mwenyewe. Mama yako anasema uongeze na ule ufunguo wa stoo ulioondoka nao.

Baba yako